Kikundi cha mazoezi ya wazee mtaani: namna ya kukiongoza bila mtu kuanguka

Wanaoniandikia kuhusu vikundi vya wazee wana malalamiko yanayofanana. Siku ya kwanza walikuja ishirini, wiki ya tatu wamebaki watano. Au bibi mmoja alishikwa na kizunguzungu katikati ya zoezi, na tangu siku ile wanawe wamemkataza kutoka. Nikiuliza walianzaje, jibu ni lilelile: walianza wakiwa wamesimama, wakazungusha shingo, wakainama kugusa vidole, kisha mchakamchaka wa polepole kuzunguka uwanja.

Hayo ni mazoezi ya vijana yaliyopunguzwa kasi. Mzee wa miaka 70 anahitaji mpangilio mwingine: aanze kitini, ajifunze kuinuka kitini vizuri, ndipo afundishwe kusimama imara. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo kwa kipindi cha dakika 45. Ninaongoza kikundi pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na mifano mingi inatoka humo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujamwita mtu

- Kiti kimoja kwa kila mzee, na vya ziada vinne. Viti vya plastiki vinafaa, ila kagua miguu ya kila kimoja. Chenye ufa kitoe kabisa.
- Ukuta mrefu, au dirisha lenye nondo imara ambazo mtu anaweza kuzishika.
- Sakafu ya saruji au ardhi ngumu iliyofagiwa. Changarawe na mchanga uliolegea havifai.
- Kanga moja kwa kila mtu, na chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji. Kila chupa ni uzito wa nusu kilo.
- Maji ya kunywa, sukari na kikombe.
- Kipimo cha presha cha mkononi, kama mnaweza kukipata.
- Daftari, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Msaidizi mmoja kwa kila wazee watano au sita. Bila wasaidizi usifanye sehemu ya kusimama.
- Namba ya dereva wa bajaji aliye karibu, na ya ndugu wa kila mshiriki.

Idadi ya watu isizidi 15. Ukiwa na 25, gawanya vipindi viwili.

## Hatua ya 1: Zungumza na kila mmoja peke yake

Fanya hivi siku chache kabla, nyumbani kwake au pembeni ya ofisi ya mtaa. Mbele ya wenzake mzee hatakuambia kwamba alianguka chooni mwezi uliopita. Ukimuuliza "Una tatizo lolote?" atakujibu "Sijambo, nashukuru Mungu," na mazungumzo yameisha hapo.

Uliza maswali yanayodai jibu mahususi. "Bibi, mwaka huu umeshajikwaa au kuanguka mara ngapi?" "Dawa unazokunywa asubuhi ni zipi? Naomba nizione." "Ukiinuka kitandani, dunia inazunguka?" "Ukipanda mlima mdogo, kifua kinabana?" Andika majibu kwenye daftari.

Majibu mengine yanamaanisha mzee apite kwanza kituo cha afya: kifua kubana akijitahidi, kuzimia, kuanguka zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, kiharusi au upasuaji wa karibuni, goti lililovimba na lenye joto. Na siku yoyote ambayo presha inasoma 180 kwa 110 au zaidi, mzee hafanyi mazoezi. Mpe kiti apumzike, pima tena baada ya dakika tano, na ikibaki vilevile aende kituoni.

Kwa wenye kisukari, jambo la kwanza ni chakula. Anayechoma insulini au kunywa vidonge vya kushusha sukari asije na tumbo tupu. Uji kikombe kimoja, saa moja kabla, unatosha. Mwezi wa Ramadhani nawashauri wanaofunga wasifanye mazoezi ya kusimama mchana. Waje jioni baada ya kufuturu, au wafanye ya kitini tu.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja kwa kila mtu, unaosema anatumia dawa gani, anaumwa wapi na ni nani wa kupigiwa simu.

## Hatua ya 2: Panga uwanja na mavazi

Anza saa 1:00 asubuhi katika miezi ya joto, maana Oktoba na Novemba jua la Dodoma likifika saa 3:00 tayari ni kali. Juni na Julai sogeza hadi saa 2:00. Asubuhi za miezi hiyo ni za baridi na upepo wa vumbi, na viungo vilivyokakamaa havipendi kuharakishwa.

Viti vyote viegemee ukuta. Hili si la hiari. Kiti cha plastiki ni chepesi, na mzee anapojisukuma kuinuka kinarudi nyuma. Akija kukaa, hakipo pale alipokiacha.

Kandambili zivuliwe, kwa kuwa zinateleza na kukunjika mbele. Raba au viatu bapa vyenye mkanda wa nyuma ndivyo vinavyofaa. Pekupeku inakubalika kwenye saruji safi, isipokuwa kwa mwenye kisukari, maana nyayo zake zinaweza kuwa zimepoteza hisia na akachomwa na msumari asijue. Kwa akina mama, kitenge kilichofungwa kwa kubana kinazuia hatua. Waombe wavae gauni pana na suruali ndani, au wafunge kitenge mpaka vifundo vya miguu vionekane. Utahitaji kuviona.

## Hatua ya 3: Dakika 12 za kitini, kwa wote

Waamkie kwanza, mmoja mmoja, kwa shikamoo. Huku unapokea marahaba, tazama uso, sikia sauti, na uliza: "Umekunywa dawa? Umekula nini?" Hapo ndipo nimewahi kumgundua mzee aliyekuja na homa.

Kisha wote wakae, hata walio imara. Nasisitiza *wote* kwa sababu wanaume wengi huona kukaa ni dalili ya udhaifu. Ukisema "wasioweza wakae", babu mwenye goti bovu atasimama kwa lazima ili asionekane. Lakini kitini kukiwa ndiko kila mtu anakoanzia, hakuna anayeaibika.

Fuata mpangilio huu, kila kimoja dakika mbili hivi:

1. Kupiga hatua kitini. Inua goti moja, shusha, inua jingine. Taratibu kwanza, kisha haraka kidogo.
2. Visigino na vidole. Inua visigino vyote viwili, shusha, kisha inua vidole visigino vikiwa chini. Hii inasukuma damu kutoka miguuni, ndiyo inayopunguza kizunguzungu cha kuinuka. Usiiruke.
3. Kunyoosha goti. Nyoosha mguu mmoja mbele, shikilia kwa hesabu ya tatu, shusha. Mara nane kila mguu.
4. Kuvuta kanga. Shika kanga iliyokunjwa mbele ya kifua, vuta pande mbili mabega yakirudi nyuma, legeza.
5. Kuinua chupa kutoka pajani hadi begani, kiwiko kikiwa karibu na mwili.

Wahesabu kwa sauti, wote pamoja. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba pumzi, na kuziba pumzi huku ukijikaza ndiko kunakopandisha presha ghafla. Kwenye kikundi changu siku nyingine tunahesabu kwa Kigogo, na hapo sauti huongezeka zenyewe.

Epuka kuzungusha shingo duara zima. Wageuze tu kichwa kulia na kushoto polepole. Epuka pia kuinama kugusa vidole vya miguu, hasa kwa bibi ambaye mgongo umeanza kupinda. Mifupa ya uti wake inaweza kuwa myepesi, na kuinama kwa nguvu kunaweza kuivunja.

Utajua umefanikiwa wakiwa na joto mwilini na wanaweza kuongea sentensi nzima, ila hawawezi kuimba bila kukatika. Anayejibu kwa neno mojamoja amezidisha.

## Hatua ya 4: Kuinuka kitini

Zoezi hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa hiyo lipe dakika kumi kamili. Misuli inayomwinua mzee kitini ndiyo inayomwinua chooni, kitandani na mkekani.

Wengi hushindwa kwa kosa dogo. Wanakaa nyuma kabisa ya kiti, miguu ikiwa mbele, kisha wanajaribu kwenda juu moja kwa moja. Mwili hauwezi kupanda ukiwa uzito wake bado uko nyuma ya miguu. Wafundishe hivi:

1. Sogea mbele mpaka nusu ya mapaja iwe nje ya kiti.
2. Vuta miguu nyuma kidogo, visigino viwe nyuma ya magoti, vimeachana kwa upana wa nyonga.
3. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya magoti. Mgongo unyooke, macho yatazame hatua mbili mbele na si chini miguuni.
4. Sukuma ardhi kwa nyayo, simama wima.
5. Simama hapo kwa hesabu ya tatu kabla ya lolote. Presha ikishuka, utaona sasa, kiti kikiwa bado nyuma yake.
6. Gusa kiti kwa nyuma ya miguu, kisha shuka kwa hesabu ya tatu. Asijiangushe.

Kushuka polepole ni nusu ya zoezi. Anayejibwaga anaumiza mgongo, na kiti cha plastiki kinaweza kumkatikia.

Mara tano, pumzika dakika moja, mara tano tena. Asiyeweza bila mikono aweke viganja kwenye mapaja ajisukume. Akishindwa hata hivyo, pachika viti viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine. Kikalio kinapanda sentimita chache, na kiti kinakuwa imara zaidi. Vikiwa vitatu vinapanda zaidi. Kadiri nguvu zinavyoongezeka, unatoa kimojakimoja. Sijaona kifaa cha kununua kinachofanya kazi hii vizuri kuliko viti vyenyewe.

Kwa asiyeweza kusimama kabisa, kuna zoezi la kitini: ainamishe kifua mbele vilevile, asukume nyayo mpaka ahisi makalio yanakuwa mepesi, ahesabu tatu, arudi.

Kuhusu maumivu ya goti: maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake yanavumilika. Goti likiamka limevimba au linauma zaidi ya jana, punguza idadi kwa nusu na pandisha kiti.

## Hatua ya 5: Kusimama imara

Hapa ndipo watu huanguka, kwa hiyo hapa ndipo wasaidizi wanasimama. Msaidizi asimame kando na nyuma kidogo ya mzee, mkono mmoja karibu na kiuno bila kumshika. Ukimshika muda wote, mwili wake unaegemea mkono wako na haujifunzi chochote. Na usimshike mkono wa juu kumvuta, maana bega la mzee huteguka upesi.

Mzee ashike nondo za dirisha au aweke viganja ukutani. Kushika mgongo wa kiti kitupu cha plastiki ni hatari, kitapinduka naye. Ukuta ukikosekana, mwenzake akae kwenye kiti, naye asimame nyuma akishika mgongo wa kiti hicho. Uzito wa aliyekaa ndio unaokituliza.

Kuna ngazi nne za miguu, kila moja sekunde 10:

1. Miguu imebanana, sambamba.
2. Mguu mmoja umesogea mbele nusu, kisigino chake kikigusa ubavu wa kidole gumba cha mwingine.
3. Mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole.
4. Mguu mmoja.

Na kuna ngazi za mikono: mikono miwili, mkono mmoja, ncha za vidole, kisha mikono ielee karibu na ukuta bila kugusa. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Akipanda ngazi ya miguu, arudi kushika kwa mikono miwili. Waongozaji wengi wanapandisha vyote pamoja, na mzee anaogopa kwa wiki nzima.

Utajuaje ngazi inamfaa? Tazama vifundo vya miguu. Vikitikisika kidogo kushoto na kulia, na yeye amebaki palepale, hapo ndipo mwili unajifunza. Vikitulia kabisa kama nguzo, ni rahisi mno. Akilazimika kuhamisha mguu kila mara, ni ngumu mno, mshushe ngazi moja. Mzee mwenye miaka mingi akikaa ngazi ya tatu sekunde 10 bila kushika, amefika mahali pazuri. Asiyeweza yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka, na huyo ndiye wa kufuatilia kwa karibu.

Malizia kwa kutembea kando ukutani, hatua sita kulia, sita kushoto, kisha kugeuka. Kugeuka kufanywe kwa hatua ndogondogo kama mtu anayekanyaga duara, si kwa kuzungusha mguu mmoja. Wazee wangu wengi waliowahi kuanguka wananiambia walikuwa wanageuka, wakiwa na ndoo mkononi au wakivuka kizingiti.

Usifumbishe mtu macho kwenye kikundi. Asiyefaa kusimama siku hiyo akae, aegemee polepole kulia na kushoto mpaka uzito uhame kalio moja, kisha anyooshe mkono kuchukua chupa unayomshikia mbali kidogo. Hilo nalo ni zoezi la usawa wa mwili.

## Hatua ya 6: Tuliza kabla ya kuwaruhusu

Dakika tano kitini: visigino na vidole, kupumua taratibu, maji. Usiwaache wasimame ghafla kwenda nyumbani, maana baada ya mazoezi presha ya baadhi ya watu hushuka, hasa wanaotumia dawa za kukojoza. Wakati wa maji waulize lini wanafanya tena nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Sisi tunakutana Jumatatu na Alhamisi, ya tatu ni nyumbani: kuinuka kitini mara tano, mara mbili, kiti kikiwa ukutani.

## Mambo yakiharibika

Kizunguzungu: mkalishe palepale, asitembezwe. Kikizidi, alale miguu ikiwa juu ya kiti.

Jasho jembamba, kutetemeka na maneno ya kuchanganyikiwa kwa mwenye kisukari: kama anameza vizuri, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, rudia kama hajatulia, kisha ale. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituoni.

Kifua kubana, mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea au maneno kuvurugika: bajaji iitwe dakika hiyohiyo, hata kama anasema kimepita.

Akianguka, usimwinue kwa haraka ya kuficha aibu. Muulize wapi panauma, tazama kama mguu umekuwa mfupi au umegeukia nje. Hiyo ni dalili ya nyonga iliyovunjika, asisogezwe mpaka apatikane wa kumbeba vizuri. Akiwa salama, ageuke ubavu, aje kwenye magoti na viganja, aweke mikono kwenye kiti kilichoshikiliwa, apandishe mguu mmoja, aketi.

## Bibi wa miaka 72: wiki nane kwenye daftari

Huyu alikuja na fimbo. Ana presha, goti la kulia linauma, na alishaanguka mara moja mlangoni kwake. Kituo cha afya kilimruhusu.

Kipimo chetu ni kuinuka kitini kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, ukihesabu mara alizosimama wima. Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya 10 ni dalili ya miguu dhaifu. Anayetumia mikono anaandikiwa sifuri. Bibi alipata sifuri, maana bila mikono hakuinuka hata mara moja. Ngazi za miguu aliishia ya pili.

Wiki mbili za kwanza: viti vitatu vilivyopachikwa, viganja mapajani, mara tano kisha mara nne. Ngazi ya kwanza, mikono miwili kwenye nondo.

Wiki ya tatu goti lilivimba. Nilikuwa nimetoa kiti kimoja mapema mno kwa sababu alionekana ana nguvu. Kosa lilikuwa langu, nikamrudishia kiti na nikapunguza hadi mara tatu. Uvimbe uliisha baada ya siku chache.

Wiki ya tano: viti viwili, bila mikono, mara tano mbili. Ngazi ya pili kwa ncha za vidole.

Wiki ya nane, kiti kimoja, nikapima tena: mara saba. Ngazi ya tatu sekunde sita bila kushika. Bado yuko chini ya 10, na fimbo bado anakuja nayo, nami sijamwambia aiache. Ila sasa anavuka kizingiti chake kwa kutanguliza mguu wa kushoto bila kushika fremu ya mlango, na kazi tunayoanza wiki hii ni kukivuka akiwa na chupa moja ya maji mkononi, mimi nikiwa kando yake.